Bei Mbili za Kitu Kimoja: Mirathi, Hisa na Gharama ya Kuuza Penye Wanunuzi Wachache

Kila aliyejaaliwa kwenda Umra au Hija ameliona bao la bei katika duka la kubadilishia fedha. Mbele ya jina la kila sarafu huandikwa nambari mbili, wala si moja. Ya kwanza ni bei ambayo mwenye duka yu tayari kununua kwako. Ya pili ni bei ambayo yu tayari kukuuzia. Ya pili daima huwa kubwa kuliko ya kwanza, na baina ya hizo mbili pana pengo.

Tuseme siku hiyo dola ya Marekani hununuliwa kwa Sh 128.50 na huuzwa kwa Sh 130. Riyali ya Saudia hununuliwa kwa Sh 33.50 na huuzwa kwa Sh 35.50. Mtu akinunua riyali 1,000 atatoa Sh 35,500. Akighairi safari na kuzirudisha saa ileile, atapewa Sh 33,500. Sh 2,000 zimetoweka na bei ya riyali haikushuka hata senti moja. Lau angalikuwa na dola za thamani kama hiyo, angalipoteza kiasi cha Sh 400 hivi.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Tangu mwaka wa 1986 riyali ya Saudia imefungwa na dola kwa kiwango kimoja, riyali 3.75 kwa kila dola. Dola ikipanda, riyali hupanda nayo, na ikishuka hushuka nayo. Kwa hivyo haiwezekani kusema kwamba riyali ina hatari zaidi ya kuyumba. Tofauti iko kwa wateja. Dola huulizwa kila saa na mabaharia, wafanyabiashara, watalii na wanaopelekewa fedha na jamaa zao. Riyali huulizwa kwa wingi nyakati za safari za ibada, kisha hukaa sandukuni. Anayenunua riyali zako huenda akangoja majuma kabla hajapata wa kumuuzia, na hilo pengo pana ndilo linalomlipa kwa kungoja.

Basi kila kitu kinachouzwa sokoni kina bei mbili: bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi aliyepo yu tayari kutoa, na bei ya chini kabisa ambayo muuzaji aliyepo yu tayari kupokea. Tuziite bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji. Mwenye kutaka kuuza leo hapati bei ya muuzaji, wala hapati bei ya katikati. Hupata bei ya mnunuzi. Penye wanunuzi wengi pengo hilo ni ufa mdogo tu, na penye wachache huwa shimo. Wepesi huo wa kuuzika bila ya kupunguza bei ndio wataalamu wa fedha wanaouita ukwasi.

Katika makala haya tutalitazama jambo hili pale linapoziumiza familia zetu bila ya wenyewe kujua, nako ni katika kugawanya mirathi yenye hisa za kampuni.

Mfano wa dada wawili

Tuchukue mfano. Mzee amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, imebaki mali ya Sh 1,600,000. Mke ana thumni yake, Sh 200,000. Zinazobaki ni Sh 1,400,000, na mwana wa kiume hupata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Mwana hupata Sh 700,000, na kila binti Sh 350,000. Hesabu hii kila mwanafunzi wa madrasa aliyesoma faraidhi anaijua.

Mali yenyewe ni ya namna mbili. Pana fedha taslimu Sh 900,000, ambazo zinatosha haki ya mama na ya kaka. Zilizosalia ni hisa za kampuni mbili zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Za kwanza ni hisa 17,500 za Safaricom, ambazo bei yake gazetini siku hiyo tuseme ni Sh 20. Hizo ni Sh 350,000. Za pili ni hisa 5,000 za kampuni moja ndogo ya zamani, ambayo bei yake gazetini ni Sh 70. Hizo nazo ni Sh 350,000.

Ami yao anaona jambo limekaa sawa kama mizani. "Wanangu, Mungu amewarahisishieni," anasema. "Mkubwa achukue hizi, mdogo achukue zile. Thamani ni moja." Dada mkubwa anachukua hisa za kampuni ndogo, dada mdogo anachukua za Safaricom. Wote wawili wanaridhia na karatasi zinatiwa saini.

Baada ya mwezi mmoja wote wawili wanahitaji fedha. Mdogo anataka kulipa karo ya chuo ya mwanawe, na mkubwa paa la nyumba yake limeoza na masika yanakaribia. Kila mmoja anampigia simu dalali wa hisa na kumwambia auze zote.

Dalali anapofungua daftari la maagizo la Safaricom huona upande mmoja wanunuzi wamejipanga kwa bei ya Sh 20, na upande wa pili wauzaji kwa Sh 20.05. Pengo ni senti tano, yaani robo tu ya asilimia moja. Nyuma ya bei ya Sh 20 wamejipanga wanunuzi wanaotaka hisa laki kadha. Hisa 17,500 za dada mdogo ni tone katika bahari. Zinauzwa zote kwa Sh 20, anapata Sh 350,000. Akitoa ujira wa dalali na ada za soko, ambazo kwa mauzo ya kiasi hiki tuzikadirie kuwa asilimia 2, yaani Sh 7,000, zinamfikia mkononi Sh 343,000.

Kisha dalali anafungua daftari la kampuni ndogo. Bei ya gazetini ni Sh 70, lakini hisa ya mwisho iliuzwa siku tisa zilizopita. Leo muuzaji wa bei ya chini kabisa anataka Sh 72. Mnunuzi wa bei ya juu kabisa anatoa Sh 67. Hilo ni pengo la Sh 5, zaidi ya asilimia 7 ya bei. Zaidi ya hayo, huyo mnunuzi wa Sh 67 anataka hisa 500 peke yake. Anayemfuata anatoa Sh 65 kwa hisa 1,000. Wa tatu anatoa Sh 63.50 kwa hisa 1,500. Baada ya hao hapana mtu.

Dada mkubwa alisema auziwe zote, na dalali anatii. Hisa 500 za kwanza zinaleta Sh 33,500. Elfu moja zinazofuata zinaleta Sh 65,000. Elfu moja na mia tano zinaleta Sh 95,250. Zimebaki hisa 2,000 ambazo hazina mnunuzi kabisa siku hiyo. Siku chache baadaye anatokea mtu anayezitaka kwa Sh 62, nazo zinaleta Sh 124,000. Jumla ni Sh 317,750. Akitoa asilimia 2 ileile, zinamfikia mkononi Sh 311,395.

Dada wawili waliopewa haki sawa na Mola wao, na waliohesabiwa Sh 350,000 kila mmoja, wameachana kwa zaidi ya Sh 31,000. Hapana aliyedhulumu kwa kusudi. Kampuni ndogo haikufilisika wala haikutangaza hasara. Soko halikuanguka. Kosa lilikuwa katika kuifanya nambari ya gazetini kuwa ni thamani.

Hasara ilikotoka

Tuigawanye hasara hiyo, kwani ina sehemu mbili na kila moja ina dawa yake.

Sehemu ya kwanza ni pengo lenyewe. Lau yule mnunuzi wa Sh 67 angalizitaka hisa zote 5,000, dada mkubwa angalipata Sh 335,000. Hiyo ni Sh 15,000 chini ya hesabu ya gazetini. Fedha hizo ndizo gharama ya kuvuka kutoka bei inayotajwa hadi bei ya mnunuzi aliyepo.

Sehemu ya pili ni kina cha soko. Mnunuzi wa kwanza alishiba kwa hisa 500, na muuzaji akalazimika kushuka ngazi moja baada ya nyingine kuwatafuta wengine. Kushuka huko kulimgharimu Sh 17,250 nyingine, kiasi kilichozidi hata pengo lenyewe. Ni kama mtu aliyefika mnadani na mikoko mizima ya nazi ilhali waliopo ni akina mama watatu walionuia kununua nazi mbili mbili. Wa kwanza atatoa bei nzuri, lakini ili nazi zote ziondoke, bei haina budi kushuka mpaka mtu anunue asichokuwa amekihitaji.

Kwa hiyo anayeuliza bei peke yake hajauliza swali kamili. Swali kamili ni hili: bei ngapi, na kwa kiasi gani?

Kwa nini mnunuzi wa penye uchache hutoa kidogo

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la hisa methali hii haitimii daima. Kampuni inaweza kuwa nzuri, yenye faida na yenye kulipa gawio kila mwaka, na bado hisa yake ikakosa wa kuinunua siku unayohitaji. Sababu kubwa ni tatu.

Kwanza, anayenunua kwako leo anajua kwamba siku atakayotaka kuuza yeye, naye atakuta soko tupu. Fedha zake zitafungika, na huenda zikafungika wakati ana haja nazo. Hivyo anataka kulipwa mapema kwa taabu hiyo, na malipo yake ni kukupunja bei.

Pili, kwa muda wote atakaokuwa ameishikilia hisa hiyo, bei inaweza kubadilika. Mwenye kuuza baada ya dakika tano haogopi sana mabadiliko. Mwenye kuuza baada ya miezi mitatu huogopa, na hofu hiyo huitia katika bei.

Tatu, na hii ndiyo wengi hawaifikirii, mnunuzi hujiuliza: huyu anauza kwa nini? Hisa ya Safaricom huuzwa kila siku na maelfu ya watu kwa sababu za kawaida za maisha: karo, harusi, matibabu. Muuzaji mmoja zaidi hamshtui mtu. Lakini kampuni ambayo hisa zake hulala siku tisa bila ya kuguswa, ghafla akatokea mtu anataka kuuza 5,000, mnunuzi huingiwa na shaka kwamba pengine mtu huyo amesikia habari mbaya ambayo yeye hajaisikia. Dada mkubwa hakuwa na siri yoyote ila paa la nyumba. Mnunuzi hana njia ya kulijua hilo, na hujikinga kwa kutoa bei ya chini.

Juu ya sababu hizo tatu pana ukosefu wa ushindani. Penye wanunuzi mia moja, anayetoa bei ya kupunja hupitwa na jirani yake. Penye watatu, hakuna wa kumpita.

Jambo hili si geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni, katazo ambalo mafakihi hulijua kwa jina la talaqi rukbani. Limepokewa na Imamu Bukhari na Imamu Muslim, na katika mapokezi ya Muslim imeelezwa kwamba muuzaji akishafika sokoni ana hiari ya kuuvunja mauziano hayo. Hekima yake tunaiona wazi hapa. Muuzaji aliye njiani hukutana na mnunuzi mmoja, hajui bei ya mji, na hana wa kumlinganisha naye. Haki yake ni kufika penye watu wengi kabla ya kuuza.

Wapo wanaouliza kama pengo baina ya bei mbili ni riba. Kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa ni biashara, na biashara ni halali kwa sharti zake. Riba ni mlango mwingine. Kilichokatazwa katika mlango huu wa kuuza ni udanganyifu, kuficha aibu ya bidhaa, na najashi, yaani kujifanya mnunuzi ili kupandisha bei bila ya nia ya kununua. Najashi nayo ina pa kuingilia katika hisa zisizo na wanunuzi: penye utulivu mwingi, mauzo machache tu ya bei ya juu yanaweza kuipandisha bei inayochapishwa gazetini, na wenye hisa wakajiona matajiri wa utajiri usioweza kuuzika.

Tatizo letu mahsusi

Jambo hili linamgusa Mwislamu wa Kenya kuliko jirani yake, na sababu ni ya wazi. Soko la Nairobi lina kampuni zaidi ya hamsini, lakini sehemu kubwa ya mauzo ya kila siku huangukia chache tu. Safaricom huongoza, kisha hufuatwa na mabenki makubwa ya kawaida na kiwanda kikubwa cha bia. Mwislamu anayejiepusha na mapato ya riba na ya ulevi huziacha hizo, na anapotazama zilizobaki hukuta nyingi ni zile zinazolala. Uhalali wa kila hisa ni suala la kuwauliza wanazuoni. Lakini aliyechuja kwa ajili ya dini yake na ajue kwamba kichujio hicho kimemsogeza upande wa soko wenye pengo pana, na ajipange kwa ajili hiyo.

Hata dhahabu haikusalimika. Dhahabu ni katika vitu vinavyouzika kwa wepesi zaidi duniani. Mwaka wa 2017 soko la Nairobi liliorodhesha NewGold, mfuko ambao kila kipande chake kina dhahabu halisi nyuma yake, na ambao kabla ya hapo ulikuwa ukiuzwa Johannesburg kwa miaka mingi. Hata hivyo, hapa Nairobi siku nyingi zilipita bila ya kipande kuuzwa. Dhahabu ilikuwa ileile, lakini wanunuzi wa karatasi yake hapa walikuwa wachache. Wepesi wa kuuzika haumo ndani ya kitu peke yake. Umo katika wingi wa watu wanaokitaka mahali pale na siku ile.

Namna ya kutambua kabla ya kugawanya

Familia inayokaa kitako kugawanya mirathi yenye hisa haihitaji mtaalamu ili ijue hisa ipi ni nyepesi na ipi ni nzito. Inatosha kumpigia dalali wa hisa simu moja wakati soko liko wazi, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa alasiri siku za kazi, na kumuuliza mambo matatu kwa kila kampuni.

La kwanza: hisa hii iliuzwa lini mara ya mwisho, na kwa siku ya kawaida huuzwa ngapi? Hisa isipouzwa, bei ya zamani ndiyo huendelea kuchapishwa, na nambari uliyoisoma leo huenda ni ya juma lililopita. Linganisha idadi inayouzwa kwa siku na idadi mliyo nayo. Ikiwa mna hisa 5,000 na kwa siku huuzwa 300, jueni kwamba kuuza zote kwa siku moja ni kujitakia hasara.

La pili: sasa hivi mnunuzi wa juu anatoa ngapi na muuzaji wa chini anataka ngapi? Toa moja katika nyingine. Pengo la senti chache katika hisa ya Sh 20 halimtishi mtu. Pengo la Sh 5 katika hisa ya Sh 70 ni onyo.

La tatu: wanunuzi waliopo wanataka hisa ngapi kwa jumla, na kwa bei gani mpaka zetu zote ziishe? Jibu la swali hili, likipigiwa hesabu kama tulivyofanya hapo juu, ndilo thamani ya kweli kwa mwenye haja ya fedha. Katika mfano wetu jibu lingalikuwa kiasi cha Sh 63.50 kwa hisa, wala si Sh 70.

Wakishapata majibu hayo, njia iliyo salama zaidi ni kugawanya kila aina ya hisa kwa mafungu badala ya kumpa huyu aina hii na yule aina ile. Kila dada angalipata hisa 8,750 za Safaricom na 2,500 za kampuni ndogo. Kufanya hivyo hakuondoi pengo, lakini huligawa kwa haki. Tena pana faida nyingine: kila mmoja angalikuwa na akiba nyepesi ya Sh 175,000 ya kuuza siku ya dharura, na angaliweza kuziacha zile nzito zingoje mnunuzi mwema.

Ikiwa lazima mmoja achukue zile nzito zote, basi na zikadiriwe kwa bei ya mnunuzi aliyepo, na tofauti ifidiwe kutoka katika fedha taslimu. Mrithi anayejua yote haya na bado akaridhia Sh 70, pengine kwa kuwa hana nia ya kuuza na anataka gawio la kila mwaka, hiyo ni hiari yake. Wanazuoni wanaujua mlango wa takharuji, warithi kusuluhiana mmoja achukue kitu maalumu na kuacha fungu lake katika mali nyingine. Lakini ridhaa husimama juu ya ujuzi. Binti anayeambiwa tu kwamba "thamani ni moja" hakuridhia pengo ambalo hakuambiwa kuwa lipo.

Kwa aliyekwisha kuzipokea

Na yule ambaye tayari anazo hisa nzito, afanyeje? La kwanza ni kutomwambia dalali "niuzie zote" bila ya kutaja bei. Maneno hayo humruhusu kushuka ngazi zote mpaka chini, na sheria ya soko inayozuia bei kuporomoka zaidi ya asilimia 10 kwa siku haimkingi mtu na hasara kama ile tuliyoihesabu, kwani yote imo ndani ya mpaka huo. Na ampe dalali agizo lenye kikomo: auze kwa Sh 68 au zaidi, chini ya hapo asiuze.

La pili ni kuuza kidogo kidogo. Hisa 300 leo, 500 juma lijalo, kwa kadiri wanunuzi wanavyojitokeza. Asianike sokoni kwamba ana 5,000, kwa sababu wanunuzi wakijua mzigo uliobaki hungoja ushuke. Dalali hodari pia anaweza kutafuta mnunuzi mmoja mkubwa anayeutaka mzigo mzima, na wakaafikiana bei iliyo baina ya zile mbili.

La tatu ni kuanza mapema. Subira hapa ina thamani inayohesabika kwa shilingi. Mwenye kuuza huchagua mojawapo ya malipo mawili: hulipa kwa bei au hulipa kwa muda. Dada mkubwa, lau angalianza kuuza mwezi uleule aliopokea, kabla paa halijawa dharura, angaliwangoja wanunuzi badala ya kuwafuata. Kungoja nako kuna hatari yake, kwa kuwa bei inaweza kushuka yeye bado amezishika. Ndiyo maana haifai mtu kuitegemea hisa nzito kwa haja yenye tarehe, iwe karo, kodi au nauli ya Hija. Hata baada ya kuuza, fedha humfikia siku tatu za kazi baadaye, na hilo nalo alihesabu.

Kanuni hii haikomei kwenye hisa. Kiwanja kilichoko mbali na barabara, nyumba ya urithi yenye warithi kumi, bangili ya kazi ya nakshi ambayo sonara hununua kwa uzani wake tu, vyote vina bei mbili, na ya pili hujulikana siku ya kuuza. Kabla familia haijakubaliana kwamba mafungu mawili yako sawa, kila fungu na liulizwe swali lilelile: nikilipeleka sokoni leo, nani atalinunua, na atanipa ngapi?

Wallahu aalam.